Kitenge si jibu

Wiki hii nimeketi katika kikao cha familia huko Manika, na mpaka leo kinanikereketa. Binti wa ndugu zetu, aliyeolewa miaka 14 iliyopita, alitaka kusema kwamba amechoka na ndoa yake. Hajafika mbali, mzee mmoja akamkata: "Mwanangu, juzi si alikuletea kitenge? Basi, yameisha." Wengine wakaitikia. Yule mama akanyamaza, daftari la shule likiwa mapajani mwake, na hakuna aliyemuuliza limeandikwa nini. Nilimuuliza mimi, tulipokwisha kula bukari.

Mumewe anaishi kwa kuchimba na kuuza madini. Sisi wa Kolwezi tunajua maana yake: makuta yakiingia nyumba inacheka, yakikatika kila mtu anamwona mwenzake adui. Februari 2025 serikali iliposimamisha kobalti isipelekwe nje ya nchi, kwao ugomvi ulizidi, naye akajiambia kwamba ni ufukara tu, utapita. Kila palipopatikana nafuu alisamehe yote. Palipoharibika alifunga mizigo. Usiku anaondoka, asubuhi anabaki.

Kisha akaanza kuandika. Kila Jumapili jioni, akishatulia, alijibu maswali yale yale matatu: bwana amelala nje mara ngapi? Amenieleza alichopata? Amenitukana mbele ya watoto? Pembeni akaweka alama, wiki ya makuta au wiki ya ukame. Jinsi alivyojisikia hakuandika, maana hayo yalibadilika kabla wino haujakauka.

Baada ya miezi 6 alizitenga wiki za makuta na za ukame, akazisoma. Matusi karibu yote yalikuwa katika ukame. Hayo, aliniambia, angeyabeba, kwani hata yeye alifoka siku sufuria ilipokuwa tupu. Lakini kulala nje na kuficha mapato kulizidi katika wiki za makuta. Jambo alilolidhania kuwa ni tunda la shida lilikuwa likistawi wakati wa neema. Bei ikipanda kesho, haitamrudisha mumewe nyumbani.

Hata hapo hakukimbia. Alimwita bwana mbele ya shemeji, akamwambia mambo mawili bila kuzunguka: alale nyumbani, na waijue pamoja pesa inayoingia. Akampa miezi 3. Bwana akaomba radhi hadi machozi, na hapo ndipo kitenge kilipokuja. Daftari likaendelea. Majuma ya kwanza alibadilika kweli. Mwezi wa pili yakarudi yale yale, na mwezi wa tatu hayakupungua.

Kama daftari lingejaa matusi ya wiki za njaa peke yake, ningemsihi abaki, na wazee ningewaunga mkono. Watu wawili waliobanwa na maisha bado wanaweza kusimama upande mmoja. Penye kipigo, je? Huko sisemi habari ya daftari. Mtu haketi miezi akiandika huku anaumizwa. Anatoka kwanza na watoto hadi kwa watu salama, mengine baadaye.

Najua kuna atakayenijibu kwamba ndoa si hesabu. Mbona kikao chetu kilihesabu kitenge? Na mwingine alisema: amevumilia miaka 14, atashindwaje iliyobaki? Miaka hiyo imekwisha kutumika, abaki au aende. Mchimbaji akishachimba mita nyingi bila kuona jiwe la maana, jasho lililomwagika halimwekei madini chini yake. Kinachopimwa ni miaka inayokuja, na mama huyu tayari amejaribu kuibadilisha peke yake akashindwa.

Sheria yetu ya familia, ya 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, imekuwa na busara kuliko kikao chetu. Anayetaka talaka anapeleka ombi mwenyewe kwa mkuu wa tribunali ya amani. Hakimu anamsikiliza kwanza yeye, kisha anawaita wote wawili na kujaribu kuwapatanisha. Talaka haitolewi kwa sababu mtu alikasirika Jumanne. Hakimu lazima aridhike kwamba kuishi pamoja na kuiokoa nyumba kumekuwa muhali, na anataka matukio yanayoonyesha hivyo. Ni swali lile lile ambalo mama huyu amejiuliza kila Jumapili.

Mimi naona aondoke, na nimewaambia wazee waziwazi. Nimemwambia pia kwamba kabla ya kwenda tribunali aulize komuni kama ndoa yao iliandikishwa, kwa sababu nyumba nyingi hapa zilitoa mahari zikaishia hapo. Bwana bado anaweza kupata nafasi mbele ya hakimu. Safari hii ataulizwa alilala wapi.