Taja Kiasi, Taja Sababu

Tuseme mhasibu wa Dar es Salaam amepewa ofa ya shilingi 1,200,000 kwa mwezi, naye anajibu kwa barua pepe: "Kwa heshima na taadhima, kutokana na uzoefu wangu mpana na ari yangu ya kujituma, ningeomba, kama itawezekana, mnifikirie nyongeza kidogo." Meneja rasilimali watu ameshaisoma sentensi hiyo kutoka kwa waombaji wengi. Haina kiasi, wala haina jambo lililo la mhasibu huyu peke yake. Ni rahisi mno kuijibu kwa kusema bajeti imefungwa.

Aandike hivi: "Asanteni kwa ofa, kazi hii naitaka. Naomba mshahara ghafi uwe shilingi 1,450,000. Sasa nalipwa 1,250,000 kwa kufunga hesabu za matawi matatu kila mwezi, na kwenu yako matano. Kama haiwezekani kwa sasa, naomba mkataba useme tutaupitia mshahara baada ya miezi sita."

Ametaja mshahara ghafi kwa kuwa kodi ya mapato na mchango wa NSSF hukatwa humo, na asipousema, kila upande utabaki na hesabu yake. Hiyo 1,250,000 lazima iwe kweli, maana mwajiri anaweza kuomba hati ya mshahara. Kodi ya nyumba na ada za watoto hazimo katika barua, ingawa zinambana: mwajiri analipia kazi, na kazi imeongezeka kwa matawi mawili.