Daktari Aliyenyamaza kwa Nia Njema

Nadine Montgomery alikuwa mwanamke mfupi, mwenye kisukari. Mwaka 1999, huko Lanarkshire, Uskoti, alikuwa mjamzito. Mama mwenye kisukari mara nyingi hubeba mtoto mkubwa, na kichwa kikishatoka mabega yanaweza kukwama. Kwa akina mama kama yeye, hilo hutokea kwa tisa au kumi kati ya mia.

Nadine alishamwambia daktari wake kwamba anahofia ukubwa wa mtoto. Daktari hakumtajia hatari hiyo. Baadaye alieleza sababu: mabega yakikwama, mara nyingi mtoto hutoka salama, lakini ukiwaambia akina mama, wataomba upasuaji, na upasuaji hauna faida kwao.

Mabega ya mtoto, Sam, yalikwama kwa dakika 12. Alipata mtindio wa ubongo.

Sasa, hebu tumtendee haki daktari. Hakuwa mzembe wa kawaida. Kipimo cha siku zile, kilichoanzia kesi ya Bolam ya 1957, kiliuliza: je, madaktari wenzake wenye ujuzi wangefanya vivyo hivyo? Kwa kipimo hicho mahakama za Uskoti zilimkatalia Nadine.

Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilibadili swali lenyewe. Daktari aeleze hatari yoyote ambayo mtu mwenye busara, akiwa katika hali ya mgonjwa huyo, angeiona ya maana. Au ambayo daktari anajua, au alipaswa kujua, kwamba mgonjwa huyu hasa angeijali. Aeleze pia njia nyingine zinazofaa. Asilimia peke yake haitoshi kuamua: hatari ndogo inaweza kuwa kubwa kwa mpiga kinanda ikihusu vidole vyake.

Kinachonigusa ni ile sababu ya daktari. “Nikimwambia, atachagua vingine.” Basi hiyo ndiyo hasa ilikuwa sababu ya kumwambia!

Utasema: na mgonjwa akichagua vibaya? Kuchagua vibaya si kukosa uwezo wa kuchagua. Mwaka 1993 mahakama ya Uingereza ilimsikiliza mgonjwa wa skizofrenia, aliyefungwa Broadmoor, mguu wake umeoza. Alikataa kukatwa, ingawa daktari alimpa asilimia 15 tu ya kupona bila upasuaji. Jaji hakuuliza kama uamuzi ni wa busara. Aliuliza kama mtu huyu ameelewa maelezo, ameyaamini na ameyapima. Alikuwa ameyaelewa, ameyaamini, ameyapima. Mguu ukabaki wake.

Sheria haimwachi daktari bila nafasi. Mgonjwa akizimia na dakika zikiwa chache, atatibu kwanza. Akiona kwamba maelezo yenyewe yatamdhuru vibaya mgonjwa, anaweza kuyazuia. Ila mlango huo ni mwembamba: hauwezi kutumika kumzuia mtu mzima asichague asichokipenda daktari.

Nadine hakudai kwamba daktari alimchukia. Alidai tu kwamba mwili ulikuwa wake, na swali halikuulizwa.