Kama Nilivyopokea

Wanangu, leo mazungumzo yetu ya baada ya Magharibi nitayaanzia kwenye usipa.

Yupo mama mmoja wa huko ufukweni, jina lake silitaji nanyi msilitafute. Usiku wavuvi wakiwasha taa zao ziwani, asubuhi yeye yuko mchangani ananunua, anaanika, anageuza, anafukuza kunguru. Wakikauka anawapakia kwenye madebe na kupanda nayo milima kuja hapa Mbinga, kilomita 66 kutoka Mbamba Bay. Mvua zikianza usipa hawakauki vizuri, kwa hiyo huwanyunyizia chumvi kidogo wasiharibike. Ndivyo alivyofundishwa na mama yake.

Alhamisi moja kijana alipita, akamwona kwa mgongo ameinama, anamwaga kitu cheupe juu ya samaki. Akapiga picha. Hakusogea wala hakuuliza. Akaituma kwenye kundi la marafiki zake na maneno machache: oneni dawa wanayotulisha. Hiyo ilikuwa adhuhuri. Alasiri mtu mwingine akaongeza kuwa dawa yenyewe ni ile ya kuhifadhia maiti. Baada ya Isha picha ilinifikia mimi, nami ni mzee ambaye simu yake hailii mara kwa mara. Juu yake palikuwa na ile mishale miwili, na chini aliyenitumia ameandika: nimetuma kama nilivyopokea.

Jumamosi mama alikaa sokoni na madebe matatu tangu asubuhi. Watu walikuwa wakifika, wanamtazama usoni, wanapita. Hakuna aliyemwambia sababu. Jioni aliwauza wote kwa bei ya hasara kwa mfugaji, wakawe chakula cha kuku.

Nataka tulitazame lile neno, kama nilivyopokea, maana ninyi na mimi tunaliandika kwa amani kabisa, kana kwamba linatuvua dhamana. Nilijaribu kuufuata mnyororo ule nyuma. Niliwafikia watu sita. Watano wa kwanza walinijibu jambo moja, kwamba hawakutunga, walipokea tu. Wa sita ndiye aliyepiga picha, naye akasema hakusema uongo, alisema alichokiona. Basi uongo ulikuwepo, hasara ilikuwepo, mama alilia njia nzima ya kurudi, lakini mwongo hakupatikana.

Haya si mageni. Mwaka wa 5 au wa 6 Hijria, wanahistoria wametofautiana, Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akirudi kutoka vita vya Banul Mustaliq. Bi Aisha alikwenda kando kwa haja yake, kidani chake kikapotea, akarudi kukitafuta. Msafara ukaondoka ukidhani yumo ndani ya kipando chake. Alirudi akakuta watu wameshakwenda, akakaa palepale mpaka usingizi ukamchukua. Safwan bin Muattal, aliyekuwa nyuma ya jeshi, akamkuta. Hakusema naye. Alimpigisha ngamia magoti, Bi Aisha akapanda, naye Safwan akamwongoza ngamia kwa miguu mpaka walipolifikia jeshi wakati wa jua kali.

Waliokuwepo waliona kitu kimoja tu: mwanamke juu ya ngamia na mwanamume anaongoza. Ni picha ya kweli. Kilichoongezwa ni maneno ya chini ya picha. Madina ikayazungumza kwa mwezi mzima, na Bi Aisha alikuwa mgonjwa nyumbani, hana habari, kama yule mama alivyokaa na madebe yake asijue kwa nini. Aliyemfungulia macho mwishowe ni mama yake Mistah, ambaye mwanawe alikuwa miongoni mwa wasemaji.

Zikashuka aya za Suratun Nur. Someni aya ya 15 polepole. Inawalaumu watu kwa kuyapokea maneno yale kwa ndimi zao. Kwa kawaida mtu hupokea kwa sikio. Waliofasiri walisimama hapo: neno lilipita kwa haraka mno hata sikio halikupata nafasi ya kulipima, ulimi ndio uliolipokea ukalitoa. Sasa tazameni kidole gumba chenu juu ya kioo cha simu. Ujumbe unaingia, na kabla jicho halijafika mstari wa mwisho kidole kimeshausukuma mbele. Basi mtu anapoandika kama nilivyopokea, anadhani anajitetea, kumbe anaungama lile lile ambalo aya imelilaumu.

Katika kisa hicho yupo mtu ninayemheshimu sana. Zainabu binti Jahshi alikuwa mke mwenza wa Bi Aisha, na Bi Aisha mwenyewe anasimulia kuwa ndiye aliyekuwa akishindana naye kwa cheo mbele ya Mtume. Kama kuna mtu ambaye habari ile ingemnufaisha, ni yeye. Dada yake Hamna aliibeba, akaieneza kwa ajili ya dadaye, naye ni miongoni mwa waliochapwa viboko 80. Lakini Zainabu alipoulizwa alijibu kwa maana hii: nayalinda masikio yangu na macho yangu, simjui ila kwa wema. Hakutaja ulimi. Aliyashika mambo kule yanakoingilia. Kwenye simu hapo ndipo pepesi zaidi, maana sauti uliyotumiwa hailii mpaka uibonyeze, na picha nyingine haifunguki mpaka uiguse.

Sasa ile mishale miwili. Waliotengeneza WhatsApp wameiweka kuonyesha ujumbe uliosukumwa mkono kwa mkono mara tano au zaidi. Mwaka 2019 walipunguza idadi ya mazungumzo unayoweza kuyasambazia ujumbe kwa mara moja, yakawa matano duniani kote. Mwaka 2020 ujumbe wenye mishale miwili wakaufanya uende kwa mmoja mmoja tu. Waliona madhara. Kwenu mishale hiyo isiwe alama ya ukweli. Maana yake ni kwamba kati yako na aliyeona kwa macho yake wapo watu wengi, na huenda hakuna hata mmoja aliyeuliza. Wapokezi wa hadithi walitaja majina ya mnyororo wao mtu kwa mtu, na jina moja lisilojulikana likaidhoofisha habari yote. Mnyororo wetu hauna jina hata moja.

Mnajua wenyewe kwamba neno ghiba lina shina moja na ghaibu. Ni kumsema mtu naye hayupo, kwa jambo ambalo angechukia kulisikia. Masahaba waliuliza: je, kama jambo hilo analo kweli? Mtume akafafanua kuwa likiwa kweli ndiyo ghiba yenyewe, na likiwa si kweli ni buhutani, kumzulia. Kwa hiyo kijana wetu anaposema alisema alichokiona, hajajitoa kwenye mzani. Amechagua upande gani apimiwe.

Wazee wa Kimatengo walikuwa na dawa ya ughaibu huu, nayo ni sengu. Wanaume wa ukoo walikuwa wakila pamoja kwa mzee, chakula cha kila nyumba kikiletwa pale, na shauri la ukoo likazungumzwa hapohapo. Kijana aliyekosa alisemwa, tena vikali, lakini alisemwa akiwa ameketi, mkono wake ukiwa kwenye sahani moja na wanaomsema. Angeweza kusema hapana, ile ilikuwa chumvi. Aliyeleta tuhuma naye alionekana uso. Sengu haikuwa kamilifu, wanawake na wadogo hawakuwa na sauti pale, na hilo silifichi. Ila haikumhukumu mtu kwa mgongo wake. Kundi la simu lina watu 200 wanaomzungumza mmoja ambaye hajaalikwa.

Hapa nataka nisieleweke vibaya, kwa sababu nimesikia neno ghiba likitumika kuwaziba watu midomo, na linaniumiza. Binti akidhuriwa na mtu wa nyumbani, au na mwalimu, au na yeyote mwenye kilemba, kisha akaambiwa nyamaza usisengenye, huo ni ushirika katika dhuluma. Imamu Nawawi ameeleza mahali sita ambapo kumtaja mtu asiyekuwepo kunaruhusiwa, na pa kwanza ni aliyedhulumiwa kupeleka shitaka kwa mwenye uwezo wa kumpa haki. Hindi binti Utba alimlalamikia mumewe Abu Sufyani kwa Mtume kwamba ni bahili, hakuambiwa anasengenya. Fatima binti Kais alipotaka ushauri kuhusu wachumba, Mtume alimwambia wazi kwamba Muawiya hana mali na Abu Jahmi ni mwepesi wa fimbo. Tazameni kilichounganisha haya: neno lilikwenda kwa mtu mmoja anayelihitaji, kwa kiasi cha haja. Kama kweli usipa wale wangekuwa na sumu, ilikuwa wajibu wa kijana kusema, na wa kuambiwa ni bwana afya, ambaye angekuja, akachukua sampuli, akauliza. Aliyedhuriwa ana dawati la jinsia polisi. Kundi la marafiki halina uwezo wa kupima samaki wala kukamata mtu.

Serikali nayo ina mlango wake. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 16, inamwadhibu anayechapisha habari za uongo akijua ni za uongo, kwa faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote. Naitaja mjue, lakini sitaki mnyamaze kwa kuiogopa.

Kijana yule alinijia akitetemeka, akataka kujua atatubu vipi. Alikuwa ameshaifuta picha kwa wote, lakini kufuta kule kulisafisha kundi lake tu. Nakala zilizosambazwa zilibaki zinatembea. Maulamaa wamehitilafiana kama uliyemsengenya ni lazima umwambie. Wapo wanaosema ikiwa hajasikia, usimchome upya, muombee na umsifu palepale ulipomsema. Huyu mama alishaumia, kwa hiyo hapakuwa na la kuchagua. Haki ya mja haiondoki kwa istighfari peke yake. Alishuka mpaka ufukweni na baba yake mdogo, akamwambia: mama, ni mimi. Akalipa pengo la bei ya madebe matatu kidogo kidogo, miezi minne. Kisha akarekodi sauti yake, akataja jina lake mwenyewe, akasema nilichokiona kilikuwa chumvi na sikuuliza, akawaomba wale watano waipeleke kila walikoipeleka picha. Wanne walipeleka.

Mama anauza tena. Lakini mwezi uliopita picha ileile ilinirudia, safari hii kutoka kwa mtu wa Songea, ile chumvi sasa imekuwa sumu ya panya. Chini yake ameandika kama nilivyopokea. Nilimpigia simu. Nilimweleza juu ya mvua, na mchanga uliolowa, na chumvi, na madebe matatu. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza huyo mama anakaa upande gani wa soko.