Benki Iliponyamaza

Miongoni mwa dhuluma ambazo mwenye nguvu humtendea mnyonge, iliyo nyepesi kutendwa na nzito kuthibitishwa ni kunyamaza. Anayekutukana amekupa neno la kushika, na anayekukatalia amekupa sababu ya kubishana naye. Walakini asiyejibu barua yako hukuacha ukijadiliana na nafsi yako, mpaka unafika mahali pa kujiuliza kama haki unayoidai ni haki kweli au ni dhana yako tu. Nimeishi Uingereza muda wa kutosha kuonja dhuluma hiyo mikononi mwa benki, na nimeona pia namna sheria ya nchi ile ilivyokifanya kimya cha benki kuwa ni jawabu kamili, jawabu linalompa mdai idhini ya kuondoka mlangoni mwa benki na kwenda mbele ya mwamuzi.

Shauri langu lilikuwa la paundi 300. Niliziomba katika mashine ya kutolea fedha iliyowekwa ukutani mwa duka moja mjini London, mashine ambayo haikuwa mali ya benki yangu. Nilizisikia noti zikihesabiwa ndani, kisha kioo kikaandika kwamba huduma imesitishwa, na kadi ikanirudia bila ya noti wala stakabadhi, ilhali akaunti ilionyesha kuwa fedha zimetoka. Nilipoipigia benki simu, walinirejeshea fedha kwa muda huku wakichunguza. Baada ya siku si nyingi wakazikata tena kwa maelezo ya sentensi moja, kwamba kumbukumbu za mashine zinaonyesha noti zilitolewa. Hapo ndipo nilipoandika barua, nikaipeleka kwa rejista, ikapokelewa kwa sahihi. Na hapo ndipo kimya kilipoanza.

Ni lazima nieleze kumbukumbu hizo ni kitu gani, kwa sababu watu wengi wakishaambiwa kuwa mashine imesema hivi, hudhani hapana tena la kusema. Mashine ya kutolea fedha huandika kila hatua yake: kadi ilipoingia, namba ya siri ilipokubaliwa, benki ya mwenye kadi ilipotoa idhini, noti ngapi zilichotwa kutoka katika kila kasha, kifuniko kilipofunguka, na kama noti zilichukuliwa na mkono wa mtu au zilirudishwa ndani kwa kuwa hazikuchukuliwa. Idhini ya benki na hesabu ya noti hutangulia. Kufunguka kwa kifuniko hufuata. Kwa hiyo mtu akikuonyesha mstari wa idhini peke yake, amekuthibitishia kuwa fedha ziliamriwa kutoka, wala hajakuthibitishia kuwa zilitoka. Tena mashine hufunguliwa na kuhesabiwa inapojazwa upya, na noti zilizokwama ndani huonekana kuwa ni ziada juu ya hesabu inayotakiwa kuwamo. Ushahidi huu wa pili ndio wenye nguvu kuliko wote, ijapokuwa una kasoro zake: katika maduka ambako mwenye duka hujaza mashine mwenyewe, hesabu huweza kuwa ya ovyo, na ziada ya mteja mmoja huweza kufunikwa na upungufu uliotokana na jambo jingine. Na picha za kamera aghalabu hazihifadhiwi muda mrefu. Ndiyo maana kimya cha benki hakimpotezei mteja wakati tu, bali humpotezea na mashahidi.

Katika barua yangu nilitaja mahali, tarehe na saa, nikaomba mambo mawili, yaani kumbukumbu kamili ya mashine kwa muamala ule na hesabu ya mashine ilipofunguliwa baada yake, nami nikaandika waziwazi kwamba haya ni mashtaka. Kwa kanuni za Uingereza, mteja akionyesha kutoridhika, kwa mdomo au kwa maandishi, hayo tayari ni mashtaka, na muhula huanza kuhesabiwa siku benki inapoyapokea; lakini barua iliyoandikwa kwa upole wa kuuliza huweza kuwekwa katika jalada la maulizo, na ulizo halina muhula. Sisi watu wa pwani, tuliolelewa kuanza kila neno kwa kutaka radhi, yatupasa kulijua jambo hili.

Mzee mmoja wa Pemba, jirani yangu anayeheshimiwa na wote wanaomjua, alinisikiliza akaniambia, "Mwanangu, umekwisha sema nao. Waachie Mungu." Nilimjibu, "Mzee wangu, Mungu nimemwachia. Lakini mdeni wangu bado yupo." Sikusema hivyo kwa ujuvi. Mwaka 1848, katika shauri la Foley na Hill, Baraza la Malodi la Uingereza liliamua kwamba fedha anazoweka mtu benki haziwekwi kama amana inayotunzwa pembeni kwa ajili yake; zinakuwa ni mali ya benki, na benki inakuwa ni mdeni wake. Nilipolisoma hilo kwa mara ya kwanza liliniudhi, kwa kuwa nilikulia katika watu ambao mshika amana alikuwa akiihofia Siku ya Hesabu. Lakini ukilitazama sana lina faida yake: mdeni anayedaiwa kwa barua akanyamaza hajalipa kitu, na hapana adabu inayomtaka mdai kuona haya badala yake.

Muhula wenyewe ni huu. Mashtaka yanayohusu malipo, ambayo ndiyo ya mashine za fedha, kadi na uhamisho, hutakiwa kujibiwa kwa ukamilifu ndani ya siku 15 za kazi. Na kukiwa na sababu isiyo ya kawaida, benki yapaswa iandike barua ndani ya siku hizo, ieleze sababu ya kuchelewa na itaje siku itakayojibu, isizidi siku 35 za kazi. Mashtaka mengine mengi yana wiki nane. Benki yangu haikujibu wala haikuandika barua ya udhuru, nami nikasubiri wiki kadhaa zaidi ya nilivyolazimika, nikiwa na tumaini la kuepuka mashindano. Kisha nikalipeleka shauri langu kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Fedha.

Cheo hiki kilianza mwaka 1986, mabenki ya Uingereza yenyewe yalipoweka msuluhishi wa wateja wao. Baadaye sheria ya mwaka 2000 ikavikusanya vyombo vya namna hiyo katika ofisi moja, nayo ikaanza kazi mwaka 2001. Mlalamikaji halipi kitu. Benki ndiyo inayolipa, na kwa viwango vya miaka ya karibuni ni paundi 650 kwa kila shauri, baada ya machache ya mwanzo yasiyotozwa, ishinde au ishindwe. Ukikumbuka kuwa nilikuwa nadai 300, utafahamu kwa nini barua ya ofisi ile husomwa na watu ambao barua yangu haikupata kuwafikia. Nasema hivi kwa huzuni, kwa maana haki iliyokuwa haki yangu tangu siku ya kwanza ilianza kuonekana siku ilipopewa bei.

Kuna jambo moja ambalo nililiona likiwaangusha wenzangu wawili watatu. Mtu aliyepuuzwa huja amejaa ghadhabu ya kupuuzwa, akaandika kurasa juu ya simu zisizopokelewa na barua zisizojibiwa, na zile fedha akazitaja mwishoni kama nyongeza. Ofisi ya msuluhishi ina mipaka: namna benki inavyoshughulikia mashtaka, ikitazamwa peke yake, kwa kawaida si katika mambo ambayo sheria imempa msuluhishi kuyaamua, na yeye hana kazi ya kuiadhibu benki. Kimya hufungua mlango. Kinachobebwa kuingizwa ndani lazima kiwe ni zile fedha. Kwa hiyo niliandika kwanza juu ya paundi 300 na kumbukumbu nilizonyimwa, kimya nikakitaja kwa tarehe tu, nikaambatisha nakala ya barua, stakabadhi ya rejista na taarifa ya akaunti yenye mistari mitatu: fedha kutoka, kurudi, na kukatwa tena.

Shauri huanzia kwa mchunguzi. Wangu alikuwa mwanamke mwenye sauti ya utulivu, na alipopiga simu aliniuliza swali ambalo benki haikupata kuniuliza: je, niliona kifuniko cha noti kikifunguka? Nikamwambia hapana. Akaitaka benki ilete jalada lote, na jalada lilipokuja, sababu ya kosa ikadhihirika. Mwenye mashine alikuwa ameipelekea benki yangu mstari wa idhini na wa hesabu ya noti, 15 za paundi 20, na benki ikaishia hapo. Katika kumbukumbu kamili, mstari uliofuata ulikuwa wa hitilafu kabla ya kifuniko kufunguka. Na mashine ilipofunguliwa ilikutwa na ziada ya paundi 300 zile zile. Karatasi hiyo ilikuwapo muda wote. Hapana mtu wa benki aliyeitaka.

Rai ya mchunguzi si hukumu. Upande wowote usioridhika waweza kutaka msuluhishi mwenyewe akate shauri, naye hutazama sheria, kanuni na desturi njema za kazi, kisha huamua lililo la haki na insafu katika hali zote za shauri lile. Mlalamikaji akiikubali hukumu hiyo kwa muda uliowekwa, benki inafungwa nayo. Akiikataa, mlango wa mahakama haujafungwa mbele yake. Langu halikufika huko. Benki iliikubali rai: irejeshe paundi 300, ilipe paundi 100 kwa taabu iliyonipata katika kuzifuatilia, na iongeze riba sahili ya asilimia 8 kwa mwaka kwa muda nilionyimwa mali yangu. Riba hiyo, iliyokuwa paundi chache, sikuila. Niliitoa kwa wenye haja bila ya kuihesabu kuwa sadaka, kama walivyonifundisha wazee wangu.

Ndugu zangu wa Tanzania wameniuliza kama yapo haya huku nyumbani. Benki Kuu ya Tanzania ina dawati la malalamiko ya wateja wa mabenki, na sharti lake la kwanza ni lile lile, kwamba uwe umekwisha kuilalamikia benki yako mwenyewe kwanza. Kwa hiyo barua ya mwanzo ndiyo msingi wa yote yatakayofuata. Ipeleke kwa mkono ikiwa na nakala ya pili, usiondoke dirishani mpaka nakala hiyo imegongwa muhuri wa kupokelewa, na uutazame muhuri wenyewe kabla ya kuikunja karatasi, maana mara nyingi wino huwa umekauka na tarehe haisomeki. Ukiona hivyo, mwombe karani kwa heshima aiandike kwa kalamu na atie sahihi yake pembeni.