Ahadi ya Zawadi: Je, ni Deni?

Haya ni mazungumzo ya mwalimu na binti aliyekuwa mwanafunzi wake. Tunayaweka hapa kwa kuwa ahadi za zawadi ni nyingi kati yetu, na magomvi yatokanayo nazo si haba.

MWANAFUNZI: Shikamoo, Mwalimu.

MWALIMU: Marahaba, mwanangu. Mbona uso umekunjamana?

MWANAFUNZI: Ni mjomba. Nilipomaliza mafunzo ya ushonaji alisimama mbele ya ukoo mzima, akasema atanipa cherehani. Nami nikakodi chumba sokoni. Sasa miezi sita imepita, kodi nalipa, cherehani sijaiona. Nataka kumpeleka mahakamani. Si wahenga walisema ahadi ni deni?

MWALIMU: Walisema. Lakini hebu nijibu: wewe ulimpa mjomba nini, au ulimwahidi nini, ili akupe cherehani hiyo?

MWANAFUNZI: Sikumpa kitu. Ilikuwa zawadi.

MWALIMU: Basi hapo ndipo kesi yako inapoanguka. Sheria ya Mikataba ya Tanzania Bara, ya mwaka 1961, yasema katika kifungu cha 25 kwamba mapatano yasiyo na kitu cha kubadilishana ni batili, isipokuwa kwa mambo machache iliyoyataja.

MWANAFUNZI: Lakini nina mashahidi zaidi ya ishirini!

MWALIMU: Mashahidi watathibitisha kwamba alisema. Hawawezi kuthibitisha kwamba mlibadilishana kitu, maana hamkubadilishana.

MWANAFUNZI: Mbona basi sheria humwachia mtu aseme uongo?

MWALIMU: Haisemi amefanya vema. Yasema tu kwamba si kazi ya hakimu kumlazimisha. Fikiri: muuzaji aliyekwisha kupokea fedha zako akikunyima mali, amekula chako. Mtoa zawadi akighairi, umekosa ulichokitumaini, lakini hakuchukua kitu mkononi mwako. Tena watu huahidi kwa furaha ya karamu, kesho mtoto akaugua au mavuno yakakosa. Na zawadi inayotolewa kwa amri ya mahakama, je, ingali zawadi?

MWANAFUNZI: Lakini mimi nimepata hasara. Ile kodi je?

MWALIMU: Hilo ni swali zuri. Sheria yetu ilifuata ile ya Uhindi ya mwaka 1872, na huko kulikuwa na kesi mbili za kutufundisha. Mwaka 1886, huko Kalkuta, mtu mmoja alikuwa ameahidi rupia 100 za kujenga ukumbi wa mji wa Howrah. Wasimamizi waliwekeana mkataba na mjenzi kwa kutegemea michango iliyoahidiwa, na waliochanga walijua hivyo. Mahakama ilimwamuru alipe. Mwaka 1914, huko Allahabad, mwingine alikuwa ameahidi rupia 500 za kutengeneza msikiti, lakini hakuna kazi iliyofanywa kwa kutegemea ahadi yake. Huyo hakulazimishwa kulipa.

MWANAFUNZI: Basi mimi ni kama wale wa Howrah! Nimekodi chumba.

MWALIMU: Polepole. Mjomba ndiye aliyekutaka ukodi?

MWANAFUNZI: La. Sikumwambia hata.

MWALIMU: Sheria yataka tendo lifanyike kwa matakwa ya mtoa ahadi. Kama angesema, "Kodi chumba, nami nitaleta cherehani," ungekuwa na neno la kumwambia hakimu. Wewe ulikodi kwa shauri lako mwenyewe.

MWANAFUNZI: Na kama angeandika barua?

MWALIMU: Barua peke yake haitoshi. Kati ya ndugu wa karibu, ahadi ya upendo inashika ikiwa imeandikwa na pia imesajiliwa kisheria. Yule aliyekwenda kuandikisha amepata nafasi ya kufikiri, hasemi kwa furaha ya karamu. Tena, kama angekwisha kukukabidhi cherehani, asingeweza kukunyang'anya kwa kusema kwamba hukulipa kitu. Kanuni hii inahusu zawadi iliyoahidiwa, si iliyokwisha kutolewa.

MWANAFUNZI: Basi wahenga walikosea?

MWALIMU: Hawakukosea. Deni hili lipo, ila halidaiwi mahakamani. Mwenye kulidai ni dhamiri ya mjomba, na ukoo uliomsikia. Nenda kwake kwa adabu, umweleze habari ya kodi asiyoijua. Kama hawezi, aseme wazi, nawe ukirudishe chumba kabla hujalimbikiza deni jingine, lile ambalo mwenye nyumba anaweza kukushtaki.

MWANAFUNZI: Nitakwenda Jumamosi, Mwalimu.

MWALIMU: Nenda peke yako. Ukienda na wale mashahidi ishirini, ataona umekuja kumshtaki.