Ujumbe wa Wiki Tano: Anayechelewa Kujibu Anadaiwa Ukweli Kiasi Gani?

Swali ninalotaka kulijadili linaonekana dogo, na wenzangu wawili darasani walicheka nilipolitaja. Mtu ameandikiwa ujumbe, amekaa nao wiki kadhaa bila kujibu, na sasa ameamua kujibu. Aseme nini kuhusu kimya chake? Aseme ukweli wote, au sehemu tu? Na aandike kwa urefu gani? Wanafalsafa wamejadili sana uongo mkubwa, ule wa kuokoa maisha au kuficha jinai. Lakini uongo ambao wengi wetu tumewahi kuusema ni ule wa "samahani, simu ilikuwa mbovu," na ndio ninaotaka kuuchunguza.

Nitatumia mfano mmoja ninaoujua kwa karibu, kwa ruhusa ya mhusika. Mwenzangu ninayeishi naye chumba kimoja hapa Kampala aliandikiwa kwa Wasapu na mwalimu wake wa zamani wa Kiswahili, aliyemfundisha sekondari huko Mbale. Ilikuwa wiki ya kwanza ya Machi. Mwalimu alimjulia hali, akamuuliza habari za masomo, kisha akaleta ombi lake: binti yake amemaliza kidato cha sita na anataka kuomba nafasi chuoni kwetu. Zinahitajika hati gani? Ada ya maombi ni kiasi gani? Mwisho wa kupokea maombi ni lini? Mwenzangu aliusoma ujumbe usiku uleule, na alama mbili zikageuka buluu kwenye simu ya Mwalimu. Hakujibu hadi wiki ya pili ya Aprili. Maombi yalikuwa yamefungwa mwisho wa Machi.

Hapakuwa na ubaya moyoni mwake. Usiku ule jibu lingekuwa la mstari mmoja: "Shikamoo Mwalimu, nitauliza ofisini nikujulishe." Yeye alitaka kumjibu mwalimu wake kwa ukamilifu, akiwa na majibu yote mkononi, basi akangoja apate nafasi ya kwenda ofisini. Wiki ikapita. Sasa mstari mmoja haukutosha tena, kwani ilibidi aeleze kwa nini amekaa wiki nzima. Ilipofika wiki ya tatu, maelezo yenyewe yalihitaji maelezo. Kila siku aliyoahirisha iliongeza ukubwa wa barua aliyodhani anadaiwa, mpaka ikawa kubwa kuliko uwezo wake wa kuiandika. Naamini ujumbe mwingi usiojibiwa hufa kwa njia hii, na mara chache kwa dharau.

Alipoamua kujibu aliniomba nimsomee rasimu, kwa kuwa mimi ndiye ninayesoma Kiswahili. Ya kwanza ilikuwa fupi: simu yake iliibwa, amepata nyingine juzi, samahani sana. Nilimwambia kwanza jambo la kawaida kabisa, kwamba Mwalimu aliziona alama za buluu, na huenda pia aliziona picha alizokuwa akiweka kwenye stetasi mwezi mzima. Lakini tuseme Mwalimu angeamini. Angejibu nini? Mtu yeyote mwenye adabu akiambiwa umeibiwa simu atakujibu, "Pole sana." Hapo ndipo ninapoona ubaya hasa wa uongo huu. Aliyepuuzwa anageuzwa kuwa mfariji, na aliyepuuza anapokea pole isiyo yake. Mwalimu alisubiri wiki tano, binti yake akakosa nafasi, na mwishowe yeye ndiye anayetoa pole.

Anayejulikana zaidi kwa ukali dhidi ya uongo ni Immanuel Kant, ambaye mwaka 1797 aliandika kwamba hata muuaji akikuuliza rafiki yako amejificha wapi, huna haki ya kumdanganya. Wengi humjua Kant huyo tu. Yuko Kant mwingine, mpole kidogo. Mwaka 1791 mwanamke mmoja wa Klagenfurt, Maria von Herbert, alimwandikia akiomba ushauri, kwa kuwa alikuwa amemficha jambo rafiki aliyempenda, na alipomfunulia, upendo wa rafiki yule ulipoa. Kant alimjibu mwaka 1792. (Naam, miezi ilipita. Ni faraja kwa wachelewaji wote.) Katika jibu lake alitenganisha mambo mawili: kutosema yote, na kusema lisilo kweli. La kwanza ni udhaifu wa kibinadamu unaovumilika, kwa sababu hakuna awezaye kufungua moyo wake wote. La pili huharibu imani kati ya watu.

Utengano huo unatufaa, maana rasimu ya pili iliangukia upande wa pili wa barabara. Baada ya kuiacha hadithi ya simu, mwenzangu aliandika kila kitu. Ujumbe ulijaza kioo cha simu mara tatu. Ulikuwa na kazi za darasani, mtihani wa majaribio, shangazi aliyelazwa, foleni ya ofisini, aibu iliyomzidi, usiku aliokosa usingizi, na karibu na mwisho maneno "mimi ni mtu mbaya, sistahili kuitwa mwanafunzi wako." Yote yalikuwa kweli. Majibu kuhusu hati na ada yalikuwa mwisho kabisa, chini ya machozi.

Nilijiweka mahali pa Mwalimu. Ninafungua ujumbe mrefu baada ya wiki tano. Ninasoma kwa hofu, nikidhani nitakuta habari ya msiba. Nikifika mwisho, kazi yangu ya kwanza ni kuandika, "Hapana mwanangu, wewe si mtu mbaya." Kwa mara nyingine nimegeuzwa mfariji, safari hii kwa ukweli. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba kadiri unavyosema ukweli mwingi ndivyo unavyoomba radhi vizuri zaidi. Ukweli ulio mwingi kupita haja ya msikilizaji unaweza kuwa namna ya kudai huruma.

Kulikuwa na tatizo jingine, na hili nililiona kwa jicho la sarufi. Nilizihesabu sentensi zilizoeleza kimya. "Muda ulinibana." "Kazi zilinizidi." "Ujumbe wako haukujibiwa kwa wakati." "Nilijikuta nimechelewa." Kiswahili kinatupa njia nyingi za kumwondoa mtendaji katika tendo lake. Muda unabana, kazi zinazidi, ujumbe haujibiwi, na hata pale "mimi" anapotokea, anajikuta tu, kama mtu aliyeamshwa usingizini mahali asipopajua. Katika kurasa zile zote hakukuwa na neno moja rahisi: "sikukujibu."

Mwanafalsafa wa Oksfodi J. L. Austin, katika mhadhara wake wa mwaka 1956 kuhusu visingizio, alionyesha kwamba mtu anayelaumiwa ana njia mbili za kujitetea. Anaweza kukubali kwamba alifanya tendo na kudai kwamba lilikuwa sahihi, au akakubali kwamba tendo lilikuwa baya na kudai kwamba halikuwa lake kikamilifu. Sisi tuna maneno mazuri hapa, kwa kuwa tunatofautisha udhuru na kisingizio. Shangazi kulazwa hospitali ni udhuru, lakini wa siku nne, si wa wiki tano. Udhuru wa kweli ukinyooshwa ufunike siku zisizo zake unageuka kisingizio, ingawa hakuna neno la uongo ndani yake. Kipimo nilichompa mwenzangu kilikuwa rahisi: kila sababu uliyoandika, andika kando idadi ya siku ilizokuzuia kweli. Alipojumlisha alipata siku tisa. Siku nyingine zote, zaidi ya ishirini, zilikuwa za aibu.

Baada ya hapo rasimu ya tatu haikuchukua muda. Aliitunga mwenyewe, mimi nikabadilisha maneno mawili tu:

"Shikamoo Mwalimu. Niwie radhi. Niliusoma ujumbe wako siku ileile na sikukujibu, kisha nikaona aibu nikazidi kukaa kimya. Maombi yalifungwa mwisho wa Machi, na najua hilo limemgusa dada. Nimeuliza ofisini leo: awamu nyingine itafunguliwa mwezi wa Julai. Zinahitajika nakala za vyeti vya kidato cha nne na cha sita, cheti cha kuzaliwa na picha mbili ndogo. Ada ya maombi nimekuandikia hapo chini. Akitaka, nitampelekea fomu mwenyewe ofisini. Ukipata nafasi, nikupigie lini?"

Tulibishana juu ya "niwie radhi." Yeye alikuwa ameandika "samahani," neno tunalolitumia pia kumpita mtu kwenye basi au kumuuliza saa, na kwa mwalimu aliyengoja wiki tano niliona ni jepesi. Hapa Uganda tatizo linaongezeka, kwa kuwa wengi wetu tunafikiri kwa Kiganda, ambamo "nsonyiwa" hufaa kwa kosa dogo na kubwa pia. Radhi ni neno zito zaidi. Ni lilelile tunalolitumia kwa wazazi tunapoogopa kuikosa radhi yao, na kwa mwalimu linakaa mahali pake.

Aibu nayo ilibaki, lakini kwa maneno machache. Mwenzetu wa chumba cha jirani alisema hata hayo yangeondolewa: jibu swali, achana na maelezo, watu wazima hawahitaji kujua ulivyojisikia. Sikukubali. Mwalimu aliona alama za buluu. Bila sentensi ile angebaki kujiuliza kama alimkosea mwanafunzi wake, au kama ombi lake lilikuwa mzigo. Sehemu hiyo ya ukweli ni haki yake, kwa sababu inamhusu yeye. Foleni ya ofisini haimhusu. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye mpaka wa urefu: yanabaki maneno yanayomwondolea aliyengoja shaka au kumpa alichoomba, na idadi ya wiki zilizopita haiongezi hata mstari.

Mwishoni mwa rasimu kulikuwa na maneno "naomba unijibu kwamba umenisamehe." Tuliyaondoa. Aliyemnyima mtu jibu kwa wiki tano hawezi kumdai jibu siku hiyohiyo. Swali la kupigiana simu lilitosha, nalo linamwachia Mwalimu achague saa, au asichague.

Alijibu siku iliyofuata, jioni. Aliuliza kama nakala za vyeti zinahitaji muhuri wa wakili, na kama fomu inaweza kujazwa kwa mkono. Kuhusu radhi hakusema neno. Mwenzangu aliniuliza hiyo ina maana gani, nikamwambia aende ofisini akaulize habari ya muhuri.