Je, ni Dhambi Kumnyima Mwenzako Mkopo?

Ndugu wakatekumeni, Bwana wetu ametufundisha tuwe wepesi wa kukopesha. Basi, Mkristu aweza kumwambia mwenzake wa kazi, "Sitakukopesha tena," bila kuvunja upendo?

Tutazame mfano. Walimu wawili wafundisha shule moja katika Kabondo, hapa Kisangani. Wa kwanza alimkopesha mwenzake franka 20,000, kisha 30,000. Zimerudi 10,000 tu. Sasa yule mwenzake aomba 50,000. Lakini mkopeshaji ana mtoto katika sekondari, na elimu ya bure iliyoanza mwaka 2019 ni ya shule za msingi. Fedha anayoombwa ndiyo karo ya mtoto.

Kitabu cha Yoshua bin Sira, katika sura ya 29, chasifu kukopesha. Lakini chafundisha pia kwamba tumsaidie jirani kwa kadiri ya uwezo, tukijihadhari tusianguke sisi wenyewe. Kwa hiyo kukataa si dhambi. Dhambi yaweza kuingia katika namna ya kukataa, yaani kwa uongo na kwa dharau.

Mwalimu asiseme "sina" huku anazo, wala "ngoja kesho," kwa maana kesho yule atarudi na tumaini lake. Amwite faraghani, mbali na walimu wengine, aseme kwa ufupi: "Ndugu yangu, mkopo mwingine siwezi kukupa. Fedha niliyo nayo ina kazi nyumbani. Lakini wewe ni rafiki yangu, na nitabaki rafiki yako." Asihesabu matumizi yake yote, maana kila sababu itajibiwa kwa sababu nyingine. Akiombwa mara ya pili, arudie maneno yale yale kwa upole. Deni la zamani alizungumzie siku nyingine, lisigeuke fimbo ya kumpigia.

Kisha aulize shida yatoka wapi. Ikiwa watoto wamelala njaa, ampe unga kidogo, uwe zawadi wala si deni. Lakini mara nyingi anayekopa kila mwezi amefungwa na wale wakopeshaji tunaowaita benki Lamberi: achukua franka 100,000, na mwisho wa mwezi adaiwa 150,000. Mshahara waliwa kabla haujafika. Hapo mkopo wa rafiki hauponyi kitu. Wapita tu mkononi mwake kwenda kwa mdai. Afadhali amsindikize kwa huyo mdai, waombe kulipa kidogo kidogo pasipo kuongezewa riba. Au, kama wako katika likelemba, mwenye shida awaombe wenzake wote zamu yake itangulie, nao waamue pamoja.

Asubuhi ya pili, aliyekataa awe wa kwanza kusalimu. Aliyenyimwa huona haya, naye hujitenga. Salamu hiyo humwonyesha kwamba ulionyimwa ni mkopo, wala si undugu.